Tamko kuhusu mnunuzi mkubwa anayechelewa kulipa

Sisi wafanyabiashara wa mahindi na maharage wa Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, tulio katika umoja wetu wa kata, tunatoa tamko hili baada ya kukaa kikao na kupitia daftari la kila mwanachama. Tumekuta jambo moja katika madaftari yote. Fedha yetu kubwa haiko mfukoni wala benki. Iko katika ankara ambazo kampuni moja kubwa inayonunua mazao yetu kwa ajili ya ghala lake la Tunduma imezipokea, imezigonga muhuri, na haijazilipa. Mkataba unasema siku 30. Daftari linasema siku 80, siku 95, na ankara moja imepita siku 120.

Hatutaji jina la kampuni hiyo. Ni mteja wetu, tunataka iendelee kuwa mteja wetu, na haya tunayoyasema tumekwisha kuyapeleka kwa wahusika wake kwa barua. Tunayasema hadharani kwa sababu wanachama wetu na wenzetu wa kata nyingine wamo katika hali hii hii, na wengi wanajua njia mbili tu za kutoka. Wapo wanaonyamaza na kupakia gari jingine kwa kuogopa kumpoteza mteja. Wapo wanaokwenda getini kugomba, wakalipwa mara moja na wasipewe oda tena. Umoja wetu unasema kuna njia ya tatu, na inaanzia kwenye hesabu.

Kwanza ieleweke kwa nini siku za kampuni na siku zetu si sawa. Mkulima wa Ikinga hauzi kwa ankara. Akishusha gunia mzanini anataka fedha yake pale pale, maana ndani ya gunia lile kuna ada ya mtoto, mbolea ya msimu unaokuja na deni la vibarua waliopalilia. Mwenye lori naye anataka mafuta kabla hajaanza safari ya kushuka Itumba na Isongole, kuikamata lami ya Mpemba hadi Tunduma. Gunia, kamba, wapakiaji, ushuru wa mazao wa halmashauri, vyote hulipwa kwa fedha taslimu. Sisi tuko katikati ya mtu anayelipwa leo na mtu anayelipa baada ya miezi mitatu. Pengo lile lote linazibwa na mtaji wetu, au na mkopo tunaoubeba sisi. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara mdogo wa Ikinga anaikopesha kampuni kubwa bila riba, na yeye mwenyewe amekopa kwa riba.

Tuweke mfano wa hesabu ulio karibu na hali ya wengi wetu. Bei za mwaka wako zikiwa tofauti, badilisha tarakimu, njia ni ile ile. Gari moja la tani 10 za maharage tunalinunua kwa Sh 1,600 kwa kilo, hiyo ni Sh 16,000,000. Magunia, vibarua, usafiri na ushuru vinachukua Sh 1,800,000. Gari likifika ghalani limetugharimu Sh 17,800,000. Kampuni inanunua kwa Sh 1,900 kwa kilo, yaani Sh 19,000,000. Faida ni Sh 1,200,000, na mtu akiitazama hivyo anaona biashara ni nzuri.

Sasa mwanachama huyu amekopa fedha ya kununulia kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi ambao gari lile halijalipwa, riba ni Sh 534,000, sawa na Sh 17,800 kwa kila siku inayopita. Akilipwa siku ya 30 anabaki na Sh 666,000. Akilipwa siku ya 60 anabaki na Sh 132,000, fedha ambayo haitoshi hata kutengeneza gurudumu la lori. Gawanya faida ya Sh 1,200,000 kwa Sh 17,800 na utapata siku 67. Hiyo ndiyo siku ambayo faida ya gari lile imekwisha yote. Akilipwa siku ya 95, kama ilivyo katika madaftari yetu, riba imefika karibu Sh 1,691,000. Amelisha ghala la kampuni maharage tani 10 na ameongezea juu yake takriban Sh 491,000 za kwake.

Tunamtaka kila mwanachama aijue siku hiyo kabla ya kupakia, si baada. Wenzetu kadhaa walikuwa wanasema, "Kampuni inachelewa lakini inalipa." Ni kweli inalipa. Lakini kila gari lililolipwa baada ya siku ya 67 liliuzwa kwa hasara, na kadiri walivyopeleka magari mengi ndivyo walivyozama. Wakaona oda zinaongezeka huku mtaji unapungua, wakadhani wanaibiwa na madereva.

Na asiyekopa asijione amepona. Chukua mwanachama mwenye mtaji wake mwenyewe wa Sh 60,000,000. Fedha hiyo inatosha magari matatu. Msimu wa kununua ni kama siku 90. Kampuni ikimlipa kwa siku 30, magari yale matatu yanajirudia mara tatu, yanakuwa tisa, na faida inafika Sh 10,800,000. Ikimlipa kwa siku 95, magari ni yale matatu ya mwanzo, basi, na faida ni Sh 3,600,000. Kufikia siku analipwa, wakulima wameshauza kwa mtu mwingine. Hasara yake haionekani katika daftari lolote kwa sababu ni ya magari ambayo hayakupakiwa.

Hilo la hesabu likishaeleweka, swali linalofuata ni kwa nini malipo yanachelewa, kwa sababu dawa hutegemea ugonjwa. Tulipozifuatilia ankara zetu moja moja, tulikuta sehemu kubwa ya zile za mwanzo hazikuwa zimezuiwa na mtu. Zilikuwa zimekwama. Moja haikuandikwa namba ya LPO. Nyingine ilidai kilo 10,000 za mizani ya Ikinga wakati tiketi ya mizani ya ghalani inasomeka kilo 9,940, na mhasibu wa kampuni hana ruhusa ya kulipa ankara isiyolingana na tiketi. Nyingine ilikabidhiwa kwa mlinzi getini, ikakaa kwenye droo wiki mbili, na kwa kampuni siku 30 zilianza kuhesabiwa siku ilipofika uhasibuni. Nyingine ilifika siku moja baada ya orodha ya malipo kufungwa, ikasubiri orodha ya mwezi uliofuata.

Ucheleweshaji wa aina hiyo ya kwanza unatibika bila kumgombeza mtu. Gari lisitoke bila LPO iliyosainiwa, na namba yake iandikwe juu ya ankara na juu ya hati ya makabidhiano. Ankara iandikwe kwa uzito wa tiketi ya ghalani, na mkataba useme mapema kwamba upungufu wa hadi kiasi fulani wa safarini ni wa muuzaji na unaozidi hapo unapimwa upya mbele ya dereva. Pamoja na ankara iende risiti ya EFD. Nakala ya ankara igongwe muhuri wa mapokezi wa uhasibu wenye tarehe, si saini ya getini. Na kila mwanachama aulize, kwa adabu, kampuni inafunga orodha ya malipo tarehe gani na inalipa siku gani. Mtu anayejua kwamba orodha inafungwa tarehe 20 hatapeleka karatasi tarehe 21.

Jambo moja dogo linaleta ugomvi usio na sababu. Kampuni ikikata kodi ya zuio, malipo yanaingia yakiwa pungufu kidogo ya ankara. Hilo si deni lililobaki. Dai hati ya kodi iliyokatwa na uitunze kwa ajili ya hesabu zako na TRA. Wapo waliokwenda kudai fedha ambayo imeshapelekwa serikalini kwa jina lao, wakawachosha wahasibu kwa jambo ambalo hawana makosa nalo, na deni la kweli likasahaulika.

Aina ya pili ya kuchelewa ni mazoea. Karatasi zote ziko sawa, fedha ipo, lakini kampuni imezoea kwamba sisi hatusemi. Katika kila kampuni kubwa kuna watu wanaopiga simu na watu wasiopiga, na fedha ikiwa haitoshi wote wiki hii, asiyepiga ndiye anayesogezwa. Hapa umoja wetu unapendekeza utaratibu ambao mwanachama ataufuata bila hasira na bila kuruka hatua. Siku saba kabla ya tarehe ya malipo, apeleke ujumbe mfupi kwa mhasibu. Maneno yake yawe kama haya:

"Ndugu Mhasibu, ankara yetu ya maharage tani 10, Sh 19,000,000, ilipokelewa na ofisi yako na kugongwa muhuri. Siku yake ya malipo ni Ijumaa ijayo. Tunaomba ututhibitishie kama imo katika orodha ya siku hiyo. Kama kuna karatasi inayokosekana, tuambie leo tuilete kesho."

Ujumbe huo haudai chochote ambacho hakijafika wakati wake, kwa hiyo haumkasirishi mtu. Lakini unamfanya mhasibu atoe jibu la maandishi, na jibu hilo ndilo linaloonyesha ankara imekwama wapi. Tarehe ikipita, siku ya kwanza ni simu kwa mhasibu huyo huyo. Siku ya saba ni barua kwa mkuu wa ununuzi, si kwa mhasibu tena, maana anayetaka maharage ni ofisi ya ununuzi. Mhasibu hapati shida yoyote gari lisipofika. Ofisa ununuzi anapata. Katika barua hiyo mwanachama aseme gari linalofuata liko tayari Ikinga na litatoka siku ankara ya kwanza itakapolipwa. Asiseme hatauza tena. Asiseme kampuni ni wezi. Aseme gari liko tayari.

Hapa ndipo wengi wanapoogopa, na hofu yao ina sababu ya kisheria ambayo inafaa kuijua. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba muda wa kulipa si kiini cha mkataba, isipokuwa wenyewe mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba kama umesaini mkataba mmoja wa magari 20, kampuni kuchelewa kulipa gari la tatu peke yake si lazima kukupe haki ya kukataa kupeleka la nne. Unaweza ukajikuta wewe ndiye umevunja mkataba. Kwa hiyo tunawataka wanachama wahakikishe kila gari lina LPO yake na mkataba wake, au kama mkataba ni mmoja wa msimu mzima, uwe na kifungu kinachosema wazi kwamba muuzaji anaweza kusimamisha upakiaji muda wowote ambapo kuna ankara iliyopita tarehe, na kusimamisha huko si kuvunja mkataba. Kifungu hicho ni mstari mmoja. Kiombwe siku ya kusaini, wakati kampuni inahitaji mzigo, si siku deni limeshakaa.

Sheria hiyo hiyo inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuuzuia mzigo ungali mikononi mwake, kama hakuuuza kwa mkopo, kama muda wa mkopo umeisha, au kama mnunuzi amefilisika. Maharage yakiwa bado Ikinga, au ndani ya lori lako kabla ya kushushwa, una mali. Yakishaingia ghalani una karatasi. Wapo wanaoshauri kuandika kwamba mzigo unabaki wa muuzaji hadi ulipwe. Kuandika hivyo kunaruhusiwa, lakini maharage yako yakishamwagwa pamoja na ya watu wengine hakuna atakayekuonyesha yapi ni yako. Kinga ya kweli iko kabla ya turubai kufunguliwa.

Tunafika kwenye pendekezo ambalo kikao kilijadili kwa muda mrefu kuliko jingine, nalo ni kikomo cha mkopo. Kila mwanachama ajiwekee kiasi ambacho kampuni moja inaweza kuwa inadaiwa naye kwa wakati mmoja. Kiasi hicho kisitokane na ukubwa wa jengo la kampuni. Kitokane na swali hili: nikipoteza fedha hii yote, je, wakulima niliochukua mazao yao watalipwa, na msimu ujao nitarudi mzanini? Kwa mwenye mtaji wa Sh 60,000,000 umoja unapendekeza theluthi, yaani Sh 20,000,000. Hilo ni gari moja. La pili linatoka Ikinga siku la kwanza linapolipwa.

Mzee mmoja katika kikao alisema gari moja kwa mwezi litatufukuzisha, kwa sababu kampuni inataka magari mengi. Hoja yake ni nzito, na jibu lake liko katika hesabu ile ile. Kampuni ikilipa nusu wakati wa kupakia, Sh 9,500,000, fedha yetu iliyobaki hatarini kwa kila gari si Sh 17,800,000 tena bali Sh 8,300,000. Kwa kikomo kile kile cha Sh 20,000,000 tunaweza kupeleka magari mawili kwa pamoja. Na siku ambayo faida inakwisha inasogea kutoka ya 67 hadi ya 144. Kwa hiyo tunapokwenda mezani hatuendi na ombi la kuhurumiwa. Tunamwambia ofisa ununuzi: kwa mali kauli utapata gari moja, kwa nusu taslimu utapata mawili. Hiyo ni lugha anayoielewa, kwa sababu kazi yake ni kujaza ghala.

Kuna wanaopendekeza punguzo kwa anayelipa mapema. Linafaa, likipimwa. Asilimia 1 ya gari moja ni Sh 190,000. Kampuni ikilipa siku ya 10 badala ya siku ya 30, mkopaji anaokoa riba ya siku 20, ambayo ni Sh 356,000. Anabaki mbele. Hatari ni kampuni kukata punguzo hilo na bado kulipa siku ya 60, na hilo tumeliona. Kwa hiyo punguzo lisiandikwe juu ya ankara. Kampuni ilipe ankara kamili, na kama ililipa ndani ya siku 10, punguzo lipewe katika ankara inayofuata. Anayechelewa halioni.

Benki nazo zinaweza kununua ankara, yaani kukupa sehemu kubwa ya fedha leo na kusubiri kampuni ilipe. Tunawakumbusha wanachama mambo mawili kabla ya kukimbilia huko. Benki itataka kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba inadaiwa ankara hiyo, na kampuni inayokwepa kulipa hukwepa pia kuthibitisha. Na mara nyingi mkataba unasema kampuni isipolipa, benki inakurudia wewe. Hapo umepata muda tu, hatari bado ni yako. Mwenye mzigo ambao hauna haraka ya kuuzwa aifikirie stakabadhi ya ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mkopo unaochukuliwa kwa dhamana ya mazao ambayo bado ni yako ni salama kuliko ule wa kungoja fedha ya mazao uliyokwisha kuyatoa.

Aina ya tatu ya kuchelewa ndiyo ya kuogopwa, nayo ni kampuni isiyokuwa na fedha. Tunawaomba wanachama wajifunze kutoka kwa wauzaji wa Kenya. Nakumatt ilikuwa mnyororo mkubwa wa maduka, na mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Wauzaji wengi waliendelea kupeleka bidhaa huku ankara zikirefuka, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupoteza mteja mkubwa namna ile. Januari 2018 Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Deni la muuzaji asiye na dhamana katika hali hiyo linakaa nyuma ya madeni yenye dhamana, na fedha ikiisha kabla ya kumfikia, imeisha.

Dalili zake zinafahamika. Malipo yanaanza kuja kwa vipande vya tarakimu nzima, Sh 3,000,000 leo, Sh 2,000,000 wiki ijayo, ambazo hazilingani na ankara yoyote. Unalipwa siku tu unapoleta mzigo mpya. Ofisa aliyekuwa anapokea simu anakupeleka kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Na iliyo mbaya kuliko zote, oda zinaongezeka wakati malipo yanapungua, na bei inayotolewa inapanda juu ya soko. Kampuni inayonunua kwa mkopo kwa bei ya juu wakati hailipi inatumia maharage yako kupata fedha za leo. Ukiona mbili kati ya hizo, kikomo chako ni sifuri. Uza kwa fedha kabla ya kushusha, hata kama mteja ni wa miaka kumi.

Kwa deni lililokwisha kukaa, pendekezo letu ni kulitenga na biashara mpya. Tuseme mwanachama anadai magari matatu, Sh 57,000,000. Wakae na kampuni, walinganishe madaftari hadi wakubaliane juu ya tarakimu, na kampuni isaini kwamba inalikubali deni hilo. Kisha ligawanywe kwa wiki 12, Sh 4,750,000 kila wiki, kwa agizo la kudumu la benki. Katika wiki hizo mzigo mpya unauzwa kwa fedha taslimu mzanini, na kila hati ya benki iandikwe namba ya ankara inayolipiwa. Hilo la namba lisidharauliwe. Bila hilo, kampuni italipa gari jipya na kusema imelipa la zamani, au kinyume chake, na baada ya miezi miwili hakuna anayejua nani anadaiwa nini. Awamu moja ikikosekana, upakiaji unasimama siku hiyo hiyo. Ikilipwa, unaendelea. Tumeona kampuni zikirudi katika mwendo mzuri kwa utaratibu huo, kwa sababu mlango wao wa kununua haukufungwa.

Maandishi yale ya kukubali deni yana kazi nyingine. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita mahakamani, na kukubali deni kwa maandishi kabla muda huo haujaisha kunaanzisha hesabu upya. Mahakamani ni mwisho wa njia, na mara nyingi ndiyo mwisho wa mteja pia. Lakini anayefika huko akiwa na LPO, tiketi ya mizani, ankara yenye muhuri na deni lililosainiwa hana la kueleza sana. Riba au fidia ya kuchelewa nayo iandikwe mkatabani kwa kiwango cha kiasi, karibu na gharama halisi ya mkopo, kwa sababu mahakama huangalia fidia yenye busara, si adhabu ya kukomoana.

Tunaweka wazi jambo moja ili tamko hili lisitafsiriwe vibaya. Umoja huu haupangi bei ya maharage, na hauwaagizi wanachama wamgomee mnunuzi yeyote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei na kugoma kwa pamoja, na tunaiheshimu. Haya ni mapendekezo. Kila mwanachama ataweka kikomo chake, ataamua mwenyewe ni gari gani litoke na lini, na atazungumza na kampuni kwa jina lake.

Wala tusidanganyane kwamba mpaka utatuokoa. Ni kweli kuna wanunuzi wa taslimu upande wa Chitipa kupitia Isongole na upande wa Nakonde kupitia Tunduma, na ni vyema kila mwanachama awe nao ili kampuni moja isichukue zaidi ya theluthi ya mzigo wake. Lakini Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, sote tuliona jinsi mambo ya mpakani yanavyoweza kubadilika kwa tangazo la siku moja. Kampuni kubwa yenye ghala Tunduma bado ni mnunuzi tunayemhitaji, na ndiyo maana tunahangaika kuitengeneza biashara hii badala ya kuiacha.

Kwa Serikali tuna ombi. Nchini Kenya, kuchelewesha malipo ya muuzaji kinyume cha makubaliano bila sababu ya msingi kumewekwa na sheria kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, na mamlaka ya ushindani inaweza kulishughulikia. Tunaiomba Tume ya Ushindani ilitazame jambo hili kwa wanunuzi wa mazao nchini, na Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Ileje ituitie kikao na kampuni zinazonunua wilayani kabla ya mizani kufunguliwa.

Na kwa kampuni yenyewe, tunasema kwa heshima: maharage ya msimu ujao yapo, na magari yapo. Tunaomba ankara zote zilizopita siku 60 zilipwe au ziwekewe ratiba iliyosainiwa kabla ya gari la kwanza la msimu kupakiwa Ikinga.

Limetolewa na uongozi wa umoja kwa niaba ya wanachama, Ikinga, Ileje.